Kubadilisha rangi ya bidhaa moja kwenye picha ya katalogi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu yote hapa chini yanafuata picha moja. Mwanamitindo amevaa fulana nyekundu yenye kola, mkono mmoja ameuweka kiunoni, na nyuma yake kuna ukuta mweupe. Fulana hiyohiyo inauzwa pia kwa rangi ya haradali na bluu iliyokoza, ila iliyopigwa picha ni nyekundu tu. Kazi ni kutoa picha mbili za ziada huku uso, mikono na vivuli vikibaki vile vilivyo. Majina ya vifaa nimeyaandika kama yanavyosomeka kwenye Photoshop. Wa GIMP nao wana swali lao mbele kidogo.

Nikifungua Hue/Saturation, nikachagua Reds na kusogeza Hue, fulana inabadilika lakini na midomo na mashavu pia. Kwa nini?

Kwa sababu programu haijui ngozi ni nini wala fulana ni nini. Inachojua ni namba ya rangi kwenye duara la nyuzi 360. Nyekundu iko kwenye sifuri. Ukichagua `Reds`, tazama chini ya dirisha: kuna namba nne, 315, 345, 15 na 45. Maana yake, kila pikseli iliyo kati ya nyuzi 345 na 15 inabadilishwa kikamilifu, na kuanzia 15 hadi 45 nguvu inapungua polepole mpaka inaisha.

Sasa ngozi ya binadamu, iwe nyeupe, ya maji ya kunde au nyeusi tii, mara nyingi iko kati ya nyuzi 10 na 35 hivi. Kinachotofautisha watu ni zaidi ung'avu na ukolevu, siyo mahali pa rangi kwenye duara. Kwa hiyo ngozi yenye nyuzi 25 inapokea takribani theluthi mbili ya badiliko ulilokusudia kwa fulana. Midomo, ncha za vidole na masikio, ambako damu iko karibu na uso wa ngozi, huwa chini zaidi ya 25 na hupigwa karibu badiliko lote. Ndiyo maana mwanamitindo anaishia na midomo ya zambarau.

Wapo wanaobana zile namba mbili za mwisho, 15 na 45, hadi ziwe 5 na 10, wakidhani ngozi imepona. Ngozi inapona, lakini mikunjo ya fulana iliyopata mwanga wa joto kidogo inabaki nyekundu, na unapata madoa. Kitelezi hakiwezi kuwa mlinzi wa ngozi. Mlinzi ni maski peke yake, na hilo likishakubalika, mengine yote yanakuwa mepesi.

Maski niichore vipi?

Kwa kalamu, yaani `Pen Tool`, kwenye kingo zote ambako fulana inakutana na ngozi: shingoni, kwenye mikono mifupi, na pale mkono ulipoegemea kiuno. `Color Range` ni ya haraka na inafaa pale fulana inapokutana na ukuta, lakini penye ngozi itakusaliti kwa sababu ileile ya swali lililotangulia. Fulana ikiwa ya kahawia au rangi ya damu ya mzee na mwanamitindo ana ngozi nyeusi, hata usijaribu. Pikseli za kitambaa na za ngozi zitakuwa karibu pacha.

Mstari uchore ndani ya kitambaa kwa nusu pikseli hivi, kisha ulainishe. Kiasi cha kulainisha hakitoki kichwani, kinatoka kwenye picha yenyewe. Kuza hadi asilimia 300 uone ukingo halisi unachukua pikseli ngapi kutoka nyekundu kamili hadi ngozi kamili. Kwenye kola iliyo ndani ya fokasi huenda ikawa pikseli moja au mbili, na kwenye mkono wa fulana ulio nyuma, nje ya fokasi, ikafika tano au sita. Maski yenye ulaini mmoja kila mahali ndiyo inayofanya fulana ionekane imekatwa na kubandikwa. Anza na `Feather` ya 0.5 kwa maski nzima, halafu pita na brashi laini kwenye maski sehemu zile tu zilizo nje ya fokasi.

Nywele zilizolala begani ni suala jingine. Hapo `Color Range` inaruhusiwa, kwa kuwa nywele nyeusi na kitambaa chekundu vinatofautiana vya kutosha. Zungushia eneo hilo kwanza, chagua nyekundu ndani yake tu, kisha unganisha na maski ya kalamu. Unywele mmojammoja ukibaki na wekundu kwa pembeni, punguza ukolevu wa rangi pale kwa brashi ndogo badala ya kupambana na maski saa nzima.

Kabla ya kuendelea, jaza maski rangi ya kijani kali ya muda. Kijani huumbua makosa yote: uzi mwekundu uliobaki ukingoni, shimo kwenye kifungo, kidole kilichopakwa. Rangi halisi ya bidhaa inaweza kuyaficha hadi siku ya kuchapisha.

Kivuli cha kidevu kilichoangukia kwenye fulana kiwe ndani ya maski au nje?

Ndani. Kivuli kilicho juu ya kitambaa ni kitambaa chenye mwanga mdogo, basi. Ukikiacha nje utapata fulana ya bluu yenye doa jekundu la giza chini ya shingo. Kinyume chake, kivuli cha kola kilichoangukia shingoni ni ngozi yenye mwanga mdogo, nacho kinabaki nje.

Niliweka leya ya rangi ya haradali na kuchagua mode ya Color. Mbona imetoka kama tope?

Mode ya `Color` inachukua rangi ya leya ya juu na kuacha ung'avu wa picha ya chini. Hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu nyekundu na haradali hazina ung'avu sawa hata kidogo.

Tuhesabu. Sehemu ya fulana yenye mwanga wa kawaida, kifuani, inasoma R 190, G 30, B 38. Ung'avu hukadiriwa kwa kuchukua asilimia 30 ya R, 59 ya G na 11 ya B, na hapa unapata kama 79. Haradali ya sampuli ni R 214, G 158, B 40, na ung'avu wake ni kama 162. Umeiambia programu itoe haradali yenye nusu ya mwanga wake. Haradali yenye nusu ya mwanga ni rangi ya tope, kwa hiyo programu haijakosea chochote.

Mtu akikutana na hilo hukimbilia kuongeza mwanga kwa `Curves` juu ya kila kitu, na hapo mikunjo inaanza kuparara na vivuli kugeuka kijivu. Ung'avu unatakiwa kutengenezwa kabla ya rangi, siyo baada yake.

Basi hatua zenyewe ni zipi?

Wazo ni hili: kwanza igeuze fulana nyekundu iwe fulana nyeupe, kisha ipake rangi kwa kuzidisha. Kitambaa kisicho na mng'ao hufanya hivyohivyo katika maisha: mwanga unaokifikia unazidishwa na uwezo wake wa kurudisha kila rangi. Kwenye kivuli mwanga ni mdogo, kwa hiyo jibu ni dogo, lakini uwiano wa R, G na B ni uleule. Mode ya `Multiply` inafanya hesabu hiyohiyo.

Tengeneza kundi la leya, ulipe maski ya fulana, na hakikisha mode ya kundi ni `Pass Through`. Ikiwa `Normal`, leya za marekebisho zilizomo hazitagusa picha iliyo chini na utabaki unashangaa.

Leya ya kwanza ndani ya kundi ni `Channel Mixer`. Weka tiki kwenye `Monochrome`, kisha Red 100, Green 0, Blue 0. Fulana inakuwa ya kijivu, na kifua kinasoma 190. Mkunjo ulio chini ya kwapa, ambao ulikuwa R 104, sasa ni kijivu cha 104.

Leya ya pili ni `Levels`. Sogeza kitelezi cha weupe cha upande wa kulia kutoka 255 hadi 220 na usiguse kingine. Kifua kinapanda hadi 220 na mkunjo hadi 120. Angalia kwamba vyote viwili vimezidishwa kwa kiasi kilekile, kwa hiyo uwiano kati ya mwanga na kivuli haujabadilika. Hilo ndilo ninalolipendea `Levels` hapa kuliko `Curves`: mkono hauna nafasi ya kuchezea mikunjo kwa bahati mbaya.

Leya ya tatu ni `Solid Color` kwenye `Multiply`. Usiweke rangi ya sampuli moja kwa moja, kwani kifua ni 220, siyo 255, na jibu litakuwa jeusi kuliko sampuli. Zidisha kila namba ya sampuli kwa 255 na ugawanye kwa 220. Haradali ya 214, 158, 40 inakuwa 248, 183, 46. Iweke, kisha soma kifua tena: 214, 158, 40, sawa na sampuli. Mkunjo wa kwapani unasoma 117, 86, 22, haradali ya kivulini isiyo na dalili ya kijivu.

Kwa bluu ya 31, 42, 88 unarudufu kundi lote na kubadilisha namba za leya ya tatu tu: 36, 49, 102. Maski ni ileile na vivuli ni vilevile.

Kwa nini weupe uwe 220? Naweza kuweka namba nyingine?

Unaweza, lakini una kuta mbili. Ukishusha sana, tuseme 200, sehemu zote za fulana zilizozidi 200 kwenye chaneli nyekundu zitakuwa nyeupe tupu, na bega lililopigwa na taa litapoteza uzi wake. Ukiacha juu sana, karibu na 255, namba ya rangi ya leya ya tatu itavuka 255 kwa rangi nyepesi kama haradali, na hakuna rangi ya 270. Kwa fulana hii 220 inapita katikati. Soma sehemu yako yenye mwanga zaidi kwa `Info`, kisha amua.

Kwa nini chaneli nyekundu na siyo kijani, ambayo huonyesha mikunjo vizuri zaidi?

Kijani huonyesha mikunjo kwa ukali kwa sababu kitambaa chekundu kinameza karibu mwanga wote wa kijani. Namba zake ni ndogo, 30 hapa, 14 pale, na ukizivuta hadi 220 unavuta na chengachenga zote za kamera. Kwenye chaneli nyekundu kitambaa chekundu kinakaribia kuwa cheupe tayari. Ndiyo maana kanuni ya jumla ni kuchukua chaneli ambamo bidhaa inang'aa zaidi bila kugonga 255. Kwa fulana ya buluu ya anga ingekuwa chaneli ya bluu.

Tahadhari moja: nyekundu kali sana, hasa ikitolewa kwenye faili la RAW moja kwa moja hadi sRGB, inaweza kuwa imegonga 255 kwenye R bila wewe kuona. Bega linaonekana bapa. Rudi kwenye RAW, punguza mwanga, au toa faili kwa ProPhoto RGB yenye biti 16 kisha ufanye kazi humo. Biti 16 nazishauri kwa kazi hii hata pasipo tatizo hilo, kwa kuwa unavuta namba, na kwenye biti 8 ukivuta sana kitambaa laini kinaanza kuonyesha ngazi.

Haradali imetoka vizuri, ila bluu inaonekana kama plastiki iliyopakwa rangi. Nimekosea wapi?

Hapa kuna mambo mawili, na yote yanatokana na ukweli kwamba kitambaa cha rangi nzito na kitambaa cha rangi nyepesi havifanani hata nje ya rangi.

La kwanza ni mikunjo. Ndani ya mkunjo wa kitambaa chepesi mwanga hudundadunda kutoka ukuta mmoja hadi mwingine na kuuangaza. Kitambaa cha bluu iliyokoza humeza mwanga huo, kwa hiyo mkunjo wake huwa na giza zaidi. Chaneli nyekundu ya fulana nyekundu imekupa mikunjo ya kitambaa chepesi. Kwa bluu, shusha kitelezi cha katikati cha `Levels` hadi 0.90 hivi, halafu rekebisha rangi ya leya ya tatu ili kifua kirudi kwenye namba za sampuli. Kwa haradali usifanye hivyo.

La pili, ambalo wengi hulikosa, ni mng'ao. Nyuzi za kitambaa hurudisha mwanga wa aina mbili: ule ulioingia ndani ukatoka na rangi, na ule ulioteleza juu ukabaki na rangi ya taa. `Multiply` imeupaka bluu hata ule wa pili, wakati kwenye fulana halisi ya bluu ungeonekana weupeweupe begani na kwenye ukingo wa kola. Kwenye kitambaa cheusi ndio unaoonekana zaidi, kwa kuwa hauna mshindani.

Habari njema ni kwamba mng'ao huo umehifadhiwa kwenye chaneli ya kijani ileile tuliyoikataa. Kitambaa chekundu karibu hakina kijani chake, kwa hiyo kinachozidi pale kiasi kikubwa ni mng'ao. Nakili chaneli ya kijani ya picha ya asili kama leya ya kijivu, iweke juu kabisa ndani ya kundi kwa mode ya `Screen`, na kwa `Levels` iliyobanwa kwenye leya hiyo peke yake vuta kitelezi cha weusi hadi 30, ile namba ya kifua. Kinachobaki ni michirizi hafifu ya mwanga. Anza na `Opacity` ya asilimia 40 na ushuke. Kitambaa cha pamba kinahitaji kidogo sana, satini inahitaji mwingi.

Kidevu na sehemu ya ndani ya mkono vina wekundu uliotoka kwenye fulana. Nikibadilisha fulana kuwa bluu wekundu unabaki. Je, kuuondoa si kubadilisha ngozi?

Hapana, ni kuirudisha. Ule wekundu si wa ngozi, ni mwanga uliogonga fulana na kurukia kidevuni. Fulana nyekundu ikiwepo jicho linausamehe. Ikiwa bluu, mwanamitindo anaonekana ana mzio shingoni.

Pima kabla ya kugusa. Kwa `Color Sampler Tool` weka alama shavuni upande usiopigwa na taa, chini ya kidevu, na sehemu ya ndani ya mkono ulio kiunoni. Kwenye `Info` badilisha usomaji uwe Lab. Herufi a ni mhimili wa kijani hadi nyekundu, na b ni wa bluu hadi manjano. Katika picha yetu shavu linasoma a 18, b 21, na chini ya kidevu a 27, b 20. b karibu haijasogea ila a imeruka kwa tisa. Hiyo tisa ndiyo fulana.

Fungua leya tupu juu ya picha, nje ya kundi la fulana, kwa mode ya `Color`. Hapa mode hii inafaa kabisa kwa sababu ileile iliyotuponza kwenye haradali: haigusi ung'avu, na vivuli vya shingo vinabaki. Chukua rangi kutoka shavu la upande wa kivuli, brashi laini, `Opacity` ya asilimia 15, na upite taratibu ukitazama namba ya a. Simama ikifika 20 au 21. Usiilazimishe kufika 18. Shingo kivulini huwa na joto kidogo hata bila fulana nyekundu, na ukiisawazisha na shavu itaonekana imepakwa poda.

Je, uongeze mwanga wa bluu uliorukia kidevuni? Bluu iliyokoza hurudisha mwanga mdogo mno, kwa hiyo acha. Haradali hurudisha, na mguso hafifu wa manjano chini ya kidevu, asilimia 5 hadi 8, huifanya picha iaminike. Lakini mteja akikuambia ngozi isiguswe kabisa, ishia kwenye kuondoa wekundu.

Na kivuli cha ukutani?

Kikague pale karibu na pindo la fulana. Mara nyingi kina uwaridi hafifu kwa sababu hiyohiyo ya mwanga kuruka. Weka leya ya `Hue/Saturation`, shusha `Saturation` hadi -70, jaza maski yake nyeusi, kisha fungua kwa brashi laini pale penye uwaridi tu. Usiguse `Lightness`. Umbo na giza la kivuli vinatokana na taa, na taa haijahama.

Nitahakikishaje kwamba ngozi na vivuli havikuguswa kweli?

Usiliamini jicho lako, hasa baada ya kukaa na picha ileile kutwa nzima. Zima kwanza leya za kidevu na kivuli, kwani hizo umezibadilisha kwa kukusudia. Nakili picha ya asili, iweke juu kabisa, mode ya `Difference`. Kila pikseli isiyoguswa inakuwa nyeusi kamili, sifuri. Nyeusi ya sifuri na nyeusi ya mbili hazitofautishiki kwa macho, kwa hiyo ongeza `Levels` juu yake na uvute weupe hadi 10. Tofauti ya namba moja tu sasa itaonekana.

Ukiona uso au mkono umetokeza kama ukungu, maski ina kijivu mahali panapotakiwa kuwa peusi. Bofya maski huku umeshika `Alt`, au `Option` kwenye Mac, uione yenyewe, kisha ukipake cheusi kile kijivu. Ukiona mstari mwembamba kuzunguka fulana, huo ni ulaini wa ukingo na ni halali, mradi haujazidi upana ule ulioupima.

Mwenye picha nyingi anaweza kufanya ukaguzi huu kwa ImageMagick, baada ya kutoa PNG mbili zenye wasifu wa rangi mmoja:

```
magick asili.png mpya.png -compose difference -composite -evaluate multiply 20 tofauti.png
```

Wasifu zikitofautiana, picha nzima itawaka na utahangaika kutafuta kosa ambalo halipo.

Namba za sampuli nazipata wapi?

Njia bora ni kupiga picha kipande halisi cha kitambaa chini ya taa zilezile, pembeni kukiwa na kadi ya kijivu. Namba za msimbo wa rangi kutoka kiwandani zinaeleza kitambaa kilichopimwa kwa mashine, siyo kitambaa chini ya taa zako. Usisome pikseli moja. `Sample Size` iwe `31 by 31 Average` au zaidi, maana pikseli moja inaweza kuwa uzi na ya jirani yake kivuli cha uzi.

Nina picha tano za mkao tofauti. Nitumie namba zilezile kwa zote?

Ikiwa taa hazikuguswa, namba za leya ya tatu zibaki zilezile kwa picha zote. Kishawishi ni kurekebisha kila picha kivyake hadi kifua kifanane na sampuli, lakini kwenye mkao wa pembeni kifua kweli kina mwanga mdogo, na ukilazimisha kifanane unaifanya fulana ing'ae kuliko uso ulio juu yake. Kinachobadilika kwa kila picha ni maski, na bahati mbaya hakuna njia ya mkato hapo.

Fulana nyeusi naweza kuifanya nyeupe kwa njia hii?

Kwa kiwango cha katalogi, hapana. Fulana nyeusi inasoma labda 25 kifuani na 8 kwenye mkunjo. Kuivuta hadi 230 ni kuzidisha kwa tisa, na chengachenga nazo mara tisa. Isitoshe, mwanga mwingi unaouona kwenye kitambaa cheusi ni mng'ao wa juujuu, na fulana nyeupe ikijengwa kutoka kwenye mng'ao huonekana kama bati. Bidhaa yenye rangi nyingi ipigwe picha kwa rangi iliyo nyepesi kuliko zote. Kutoka nyepesi kwenda nyeusi ni kazi rahisi. Kilichopo kikiwa cheusi peke yake, mwambie mteja mapema kwamba picha irudiwe.

Natumia GIMP. Inawezekana?

Inawezekana. Badala ya `Channel Mixer` tumia `Mono Mixer` iliyo kwenye menyu ya `Colors`, na `Levels` na `Multiply` zipo kwa majina hayohayo. Kwenye matoleo ya zamani marekebisho hukaa moja kwa moja kwenye leya, kwa hiyo rudufu picha, weka maski kwenye nakala, na ufanye kazi humo huku ya asili ikiwa chini. `Multiply` ya GIMP inaweza kukupa namba zinazotofautiana kidogo na hesabu ya hapo juu. Soma kifua na usogeze rangi ya leya mpaka ifanane na sampuli. Kwa kidevu tumia mode ya `LCh Color`.

Picha ilikuwa sawa kwenye kompyuta yangu, ilipowekwa kwenye katalogi ngozi ikapauka. Ni kosa la kubadilisha rangi?

Ukaguzi wa `Difference` ukiwa ulipita, hapana. Karibu kila mara ni faili lililotoka likiwa na wasifu wa ProPhoto au Adobe RGB, kisha mahali fulani wasifu ukavuliwa. Kabla ya kutoa JPEG tumia `Convert to Profile` kwenda sRGB, siyo `Assign Profile`. Ya kwanza hubadilisha namba ili mwonekano ubaki uleule, ya pili huacha namba na kubadilisha maana yake. Weka tiki ya kuambatisha wasifu, na uhifadhi faili lenye leya kando, kwani msimu ujao fulana hiyohiyo italetwa tena ikiwa ya kijani.